Jina Litakalotamkwa Mezani

Ndugu wachezaji, nanyi mnaoendesha michezo, habari za jioni.

Nimepewa mada ya majina ya wahusika katika michezo ya mezani ya kuigiza, ambamo kila mchezaji huwa mhusika mmoja aliyeandikwa kwenye karatasi yake, mwendesha mchezo husimulia hadithi, na dadu huamua yatakayotokea. Naomba nianze na jambo ambalo wengi hulisahau wanapokaa na karatasi yao mpya. Jina la mhusika wako halitatumiwa na wewe. Wewe mezani utasema "mimi": naingia, nachomoa upanga, nakataa. Watakaolitaja ni wenzako watatu au wanne pamoja na mwendesha mchezo, na watalitaja kwa haraka, dadu likiwa bado linaviringika. Jina linaweza kupendeza sana kwenye karatasi na likafa kabla ya kikao cha pili. Dalili yake ni moja na haikosei: wenzako wanaanza kusema "yule mwizi wako" au "huyu mganga". Wakifika hapo, huna tena mhusika mezani, una fani tu.

Kosa linaloua majina mengi ni kutaka neno moja libebe kila kitu. Mchezaji anataka jina lioneshe kwamba mhusika ni mpiganaji, kwamba alizaliwa katika dhiki, na kwamba mchezo wenyewe ni wa kutisha. Matokeo yake ni jina kama Upangagiza. Fikiri jinsi majina yanavyopatikana kwetu. Jina la kuzaliwa anatoa mzazi, au bibi, au shangazi, na siku hiyo hakuna ajuaye kama mtoto atakuwa mwizi au mtawa. Kwa hiyo jina la kuzaliwa haliwezi kueleza fani. Linaeleza nyumba aliyozaliwa: Mashaka na Tabu walizaliwa wakati mgumu, Faraji amekuja baada ya dhiki, Juma na Mwajuma wana siku yao, Otieno na Atieno kwa Waluo walizaliwa usiku. Hapo ndipo historia ya mhusika inapokaa, na hapo ndipo uitafute.

Fani inakaa kwenye lakabu. Lakabu hutolewa na watu waliomwona mtu akifanya kazi, kwa hiyo inakuja baadaye, ukubwani, na ina haki ya kusema ana upanga au ana wino vidoleni. Ziko fani chache zinazovunja utaratibu huu. Mtawa aliyeingia kwenye nyumba ya ibada huenda amepewa jina jipya siku ya kiapo. Mtu aliyefunga mkataba na pepo huenda ameuza jina lake la kwanza. Hao waacheni wawe na jina linalotokana na fani, lakini andikeni pembeni ni nani aliyelitoa na jina lipi lilikuwepo kabla yake.

Na hali ya meza? Hali ya meza ndiyo inayoamua ni jina lipi kati ya hayo litumike kila siku. Meza ya vichekesho hutumia lakabu. Meza ya fitina na siri hutumia jina la kuzaliwa pamoja na la baba, na huiweka lakabu kwa ajili ya gizani. Mhusika ni yule yule, karatasi ni ile ile, ila mlango wa kumwingilia ni tofauti.

Kuna jina la tatu, ambalo sisi tunalo na vitabu vya mchezo vilivyotungwa ng'ambo havilitaji. Kwetu mtu mzima mwenye mtoto haitwi jina lake hovyo. Anaitwa Mama Siti, anaitwa Baba Asha. Chukua mpiganaji wa kike, miaka 40, kovu shavuni, na mezani hana jina jingine ila Mama Siti. Hujaeleza lolote, na tayari kila aliyekaa pale anajiuliza Siti yuko wapi. Ukilichagua jina la namna hii, lazima umwambie mwendesha mchezo kabla ya kuanza: Siti yu hai au amekufa, ana umri gani, mara ya mwisho alionekana wapi. Usipomwambia, ataamua mwenyewe, maana jina hilo ni mwaliko na hakuna mwendesha mchezo mzuri atakayeuacha upite. Na kama hutaki mtoto wako aingizwe katika hadithi, usilitumie.

Sasa tuje kwenye masikio, kwa sababu hapa Kiswahili kina mambo yake.

Maneno yetu huishia na vokali na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jina likija na konsonanti tatu zilizobanana, kila mtu mezani atalichomekea vokali zake. Mmoja atasema Tharidilika, mwingine Thiridiki, na baada ya saa moja mna wahusika wawili wasiokuwepo. Silabi mbili au tatu zinatosha. Nne zinavumilika kama jina lina kifupi kinachoeleweka tangu mwanzo. Alama ya kukatia jina katikati, inayopendwa sana kwenye majina ya kifalme ya mazimwi, ina matatizo zaidi kwetu kuliko kwa wengine, kwa sababu sisi ng' ni sauti kamili. Ukiandika Veng'ara ukitaka msomaji atue kidogo katikati, msomaji wa Kiswahili hatatua. Atasoma sauti ile ile iliyo kwenye ng'ombe. Vivyo hivyo dh, th na gh. Mezani anaweza kuwepo mtu wa Unguja anayezitamka zote, na mwenzake wa bara ambaye dh kwake ni z na gh ni g. Jina kama Ghadhira litakuwa na matamshi matatu. Na pale ambapo l na r hubadilishana, Lirela ni jina la kuliepuka kabisa.

Liko tatizo la pili ambalo ni la lugha yetu hasa: jina linapokuwa pia neno la kawaida. Tunapenda majina ya namna hiyo, na ni mazuri, lakini si yote yanayofaa mezani. Kinachoamua ni upatanisho. Mhusika akiitwa Shida, sarufi inatuokoa: "Shida amefika" ni mtu, "shida imefika" ni balaa. Upepo vilevile: "Upepo ameingia" na "upepo umeingia" hazichanganyiki hata kidogo. Lakini mhusika akiitwa Simba, wokovu huo haupo, kwa sababu mnyama naye huchukua a- kama mtu. Mwendesha mchezo akisema "Simba ameingia ukumbini", nusu ya meza inashika silaha na nusu inasalimia. Chui, Mamba, Nyoka, wote wako hivyo hivyo, na majina ya kazi pia: Nahodha, Fundi, Kadhi. Fundi akiwa mhusika, siku mtakapoingia kwenye karakana yenye mafundi watatu mtajuta. Kanuni ya kushika ni kwamba neno la kitu kisicho na uhai linafaa kuwa jina, neno la chenye uhai halifai, isipokuwa mna hakika chenye uhai hicho hakitatokea kamwe katika hadithi.

Hata hivyo upatanisho hauokoi kila kitu. Kwenye sentensi zisizo na kitenzi chenye kiambishi, kama "hakuna Shida", ulinzi unapotea. Na kuna majina yanayogongana na mchezo wenyewe. Mosi, Pili na Tatu ni majina ya watu tangu zamani, ya mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika mchezo wa dadu ni majina ya kuepuka. Mtu akipaza sauti "Tatu!" hatujui ameita mwenzake au ametaja lililotoka. "Zamu ya Pili" nayo ni zamu ya nani?

Tuchukue mfano mmoja tuufanye hadi mwisho.

Meza ina wachezaji wanne. Mwendesha mchezo ameeleza kwamba mchezo utakuwa Kilwa, karibu na mwaka 1500, miaka michache kabla ya meli za Wareno zilizoiteka mwaka 1505. Dhahabu ya Sofala inapita bandarini, jumba la mfalme lina fitina, na hali ya meza ni nzito: watu watakufa na hawatafufuka. Wachezaji watatu wamekwisha chagua. Mpiganaji ni Makame, malenga ni Siwatu, mganga ni Bi Rehema. Wa nne anacheza mwizi. Historia yake ameiandika kwa mistari mitatu: mama yake alipoteza mimba mbili kabla ya kumzaa, alilelewa forodhani akiandika hesabu za shehena, akaiba daftari lililoonesha nani anadanganya kwenye ushuru.

Wazo lake la kwanza ni Mashaka, na linafaa kwa maana. Lakini lisomeni kwa sauti karibu na Makame: Mashaka, Makame. Yote yana silabi tatu, yote yanaanza na Ma-, yote yana mkazo kwenye a. Kwenye vita, mwendesha mchezo atakaposema "Ma..." watu wawili watainua vichwa. Herufi ya kwanza na vokali ya mkazo ndivyo sikio linavyovidaka mapema. Vikifanana vyote viwili, badilisha.

Wazo la pili ni Kombo. Ni jina halisi la pwani na visiwani, ni fupi, na hakuna mwingine mezani anayeanza na K. Tena lina maana ya kupinda, jambo linalomfaa mwizi. Hapa sauti imefaulu, fani imefaulu, ila hali ya meza imekataa. Kila mara dadu la pande 20 litakapotoka moja, mtu atasema mambo yamekwenda kombo. Mara ya kwanza watacheka wote. Mara ya sita watakuwa kwenye chumba alimouawa mtoto wa waziri, na atakayetania atakuwa ameivunja saa nzima ya kazi ya mwendesha mchezo. Kwenye meza ya michezo na vicheko jina hilo hilo lingekuwa zawadi.

La tatu ni Faraji. F haina mwenye nayo mezani. Mkazo uko kwenye ra, kwa hiyo hata likipigwa kelele ng'ambo ya chumba linasikika. Neno la kila siku ni faraja, si faraji, kwa hiyo halichanganyiki na mazungumzo. Na linabeba mistari mitatu ya historia bila kuieleza: mama aliyepata mtoto baada ya kupoteza wawili angemwita hivyo. Halisemi lolote kuhusu wizi, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa mama yake hakumzaa mwizi. Mbele ya watu wa jumba la mfalme ataitwa Faraji bin Athumani, na mwendesha mchezo sasa anajua jina la baba, ambalo ni mlango mwingine wa hadithi.

Imebaki lakabu. Mchezaji alitaka Ufunguo. Upatanisho unaruhusu, "Ufunguo amefika" ni mtu bila shaka, lakini mhusika huyu kazi yake ni kufungua milango. Nusu ya sentensi zake zitakuwa na ufunguo wa kweli ndani yake: nipe ufunguo, nautafuta ufunguo, ufunguo uko wapi. Neno linalotokea sana katika kazi ya mhusika halifai kuwa lakabu yake, hata kama linamfaa kwa maana. Aliulizwa swali moja: vijana wa bandarini waliona nini walipomtazama? Waliona kijana wa forodhani mwenye vidole vyeusi. Ikawa Wino. Silabi mbili, W, u- katika upatanisho, na kikao kizima kinaweza kupita bila mtu kutaja wino wa kuandikia. Inasema kazi yake ya zamani, na kwa anayejua kuhusu daftari, inasema pia kosa lake.

Matumizi yakagawanyika hivi: mchana na mbele ya wakubwa ni Faraji, ujumbe unaoletwa usiku ukisema "kwa Wino" maana yake kuna mtu anayejua alikotoka. Huo ndio utajiri wa kuwa na majina mawili yenye kazi tofauti. Mwendesha mchezo amepata tishio bila kuongeza mhusika hata mmoja.

Angalieni pia vyeo, kwa kuwa meza hiyo ina tarehe. Mchezaji mmoja angependa mhusika wake awe mtoto wa liwali. Liwali ni cheo cha zama za utawala wa Waomani, na kukiweka Kilwa ya mwaka 1500 ni kama kuleta treni. Amiri, waziri, kadhi na mwinyi vinakaa vizuri. Si lazima kila meza ichunge historia kiasi hicho, ila kama mwendesha mchezo amesema tarehe, amewaambia kwamba yeye ataichunga.

Wengi hapa mnacheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, wenye vijeba na watu wa msituni wanaoishi karne nyingi, na mnauliza majina ya viumbe hao yaweje kwa Kiswahili. Shauri langu ni kuchukua desturi, kuacha sauti. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kinaeleza desturi hizo vizuri. Jina la kijeba ni mali ya ukoo; hutolewa na mzee wa ukoo, na aliyeliaibisha hunyang'anywa. Kwetu hilo linaeleweka mara moja, hasa kwa jamii zinazowapa watoto majina ya mababu. Kijeba aliyenyang'anywa jina atakaa mezani vipi? Kwa lakabu tupu, na kila atakayemuuliza jina la ukoo atakuwa amemgusa kidonda. Watu wa msituni nao wana jina la utoto wanalolitumia hadi baada ya mwaka wa 100, ndipo hujichagulia la utu uzima. Mhusika wa miaka 90 ambaye bado anaitwa jina la utoto ameshakupa tabia.

Wale wenye asili ya mashetani mara nyingine hujipa wenyewe neno la sifa au wazo kuwa jina. Kwa Kiswahili watu hukimbilia Subira au Imani. Hayo ni majina mazuri, lakini kwa masikio yetu ni majina ya kawaida ya mabinti, kwa hiyo hayaoneshi kwamba mtu alijipa. Tafuta neno ambalo mzazi hampi mtoto. Toba lilielekea kufaa, mpaka utakapokumbuka kwamba ni ukelele wa mshangao na mezani mnashangaa kila baada ya dakika tano. Kiapo linakaa vizuri: "Kiapo amesema", na kila mgeni atauliza ni kiapo gani.

Na hapa nawasihi jambo moja kwa dhati. Msichukue majina ya kabila moja lililo hai na kuwapa viumbe waovu wote wa mchezo. Mezani Nairobi au Dar es Salaam kuna mtu ambaye babu yake anaitwa hivyo. Jina moja kwa mtu mmoja halina neno. Taifa zima la mazimwi lenye majina ya watu wa mkoa fulani ni tusi, na aliyetukanwa mara nyingi hasemi, haji tu tena.

Namna ya kulipima jina ni ya dakika kumi, kabla ya kikao cha kwanza. Kwanza andika majina ya wenzako wote kwenye mstari mmoja, lako mwishoni, uangalie herufi za kwanza na vokali za mkazo. Kisha mpe mwenzako, si wewe, sentensi tatu azisome kwa sauti. Moja ya hatari: "Faraji, inama!" Moja ya heshima: "Mbele yenu ni Faraji bin Athumani." Moja ya msiba: "Faraji hakurudi." Akisita kwenye ya kwanza, jina ni refu au gumu. Akicheka kwenye ya tatu, halifai kwa meza nzito. Akisoma zote tatu bila kuuliza linatamkwaje, liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyokunjwa katikati, ulisimamishe mbele yako likiwatazama wenzako, fani ikiwa kwa herufi ndogo chini yake.

Kama pamoja na hayo yote kikao cha pili kimekwisha na bado wanasema "yule mwizi", usiwalaumu. Sikiliza wanachokuita wanapokuwa na haraka. Mara nyingi wamekwisha kukupa lakabu bila kujua, na mhusika wako anaweza kuipokea ndani ya hadithi: mtu wa bandarini anamwita hivyo mbele ya wote, yeye anageuka. Fanya hivyo kabla ya kikao cha nne. Baada ya hapo jina la zamani limeshaingia kwenye barua, kwenye madeni na kwenye midomo ya maadui, na kulibadilisha kunamgharimu mwendesha mchezo zaidi ya kunavyokugharimu wewe.

Asanteni. Nadhani tuna muda wa maswali, na wenye karatasi mpya waje nazo mbele tuyasome majina kwa sauti.